Kampuni moja, vyeo vinne: seve ya baba mmoja aliyekimbilia Beni

Baba mmoja wa watoto 4, aliyekimbia Goma mwaka 2025 na kupokelewa na familia ya shemeji yake hapa Beni, aliomba kazi ya depo katika shirika moja la kiutu. Alikuwa amefanya karibu miaka 11 katika kampuni moja ya vinywaji. Aliingia akibeba kasiye begani, akatoka akiwa shefu wa depo. Shirika halikumwita.

Wasifu wake wa kazi, ile karatasi tunayoiita seve, ulitaja kampuni ile mara 4, kila mara na anwani yake, na mahali pawili jina lilikuwa limefupishwa. Tena alianza na kazi ya zamani zaidi, ya kubeba mizigo. Mtu mwenye rundo la seve mezani hasomi polepole. Aliona mchukuzi wa mizigo aliyehamahama kwa waajiri 4. Hakuona kwamba mwajiri ni yuleyule, na kwamba alimpandisha mara 3.

Rafiki akamshauri aandike cheo cha mwisho tu: shefu wa depo, 2014 hadi 2025. Hapo mambo yaliharibika zaidi. Shirika la pili lilimwita, likaweka seve kando ya atestasyo aliyopewa na kampuni, na atestasyo ilisema shefu tangu Machi 2022. Baba hakuwa mwizi wala mwongo, lakini karatasi zake mbili zilipingana, na kazi yenyewe ni ya kukabidhiwa mali za watu. Alirudi nyumbani bila kazi. Siku hiyo, anasema, hakuweza kumwambia mke wake sababu.

Aliyemsaidia ni binti anayechapa karatasi kwenye sekretaria ya umma karibu na soko.

“Papa, hii ni kampuni moja ama ni kampuni nne?” aliuliza.

“Ni moja, binti yangu.”

“Basi tuiandike mara moja.”

Alichapa hivi:

Kampuni ya vinywaji, Goma: Mei 2014 – Januari 2025
Shefu wa depo: Machi 2022 – Januari 2025
Magaziniye: Agosti 2018 – Februari 2022
Msaidizi wa magaziniye: Januari 2016 – Julai 2018
Mchukuzi wa kutwa, bila kontra: Mei 2014 – Desemba 2015

Jina na muda wote viko juu, kwa herufi nzito. Vyeo vinafuata chini, kipya kwanza, vimesogezwa kidogo ndani ili jicho lione kwamba ni vya nyumba moja. Mwezi wa mwisho wa cheo kimoja unapakana na mwezi wa kwanza wa kinachofuata, kwa hiyo hakuna pengo. Maneno “bila kontra” yana kazi yake: atestasyo inaanza Januari 2016, siku aliyotia sahihi. Anayelinganisha karatasi anapata jibu kabla ya kuuliza.

Chini ya mchukuzi hakuandika lolote, maana kila mtu anajua kazi ile. Nafasi alimpa shefu na magaziniye, na kwa kila kimoja aliweka sentensi moja ya kueleza kwa nini alipandishwa. Kwa magaziniye iliandikwa kwamba, akiwa msaidizi, alianzisha fishi ya pekee ya kasiye tupu, na hesabu ya mwisho wa mwezi ikaanza kulingana na stoki. Bila sentensi hiyo msomaji anaona vyeo vinabadilika tu, labda kwa undugu.

Si kila mtu atenganishe hivyo. Jirani yake, sentineli aliyepandishwa daraja mara 2 huku akilinda mlango uleule, anatosha kupanga vyeo na tarehe juu, kisha aeleze kazi mara moja kwa vyote.

Na mashirika mengine hayapokei karatasi. Mtu anajaza fomu kwenye simu, na fomu inadai mwajiri kwa kila cheo. Hapo hakuna njia ya kuandika jina mara moja. Mtu ajaze sanduku 4, lakini jina la kampuni liwe lilelile herufi kwa herufi, bila kufupisha.

Wiki mbili baadaye shirika la tatu lilimwita. Swali la kwanza halikuhusu tarehe. Bwana aliyekaa mbele yake aliweka kidole kwenye mstari wa magaziniye, akasema: “Papa, hebu tuelezee hizo kasiye tupu.” Baba akaomba kalamu, akachora fishi ile upya, safu kwa safu.

Jibu bado analingoja.