Mali Kauli ya Siku 30

Kwa miaka mingi nilisimamia madeni katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi pale Gerezani, Dar es Salaam. Wateja wetu walikuwa wenye maduka wa Chalinze, Mikumi, Ifakara na kwingineko. Walichukua bati, misumari na rangi kwa mali kauli, wakalipa baada ya siku 30. Bosi aliamini kazi yangu ni kupiga simu. Mimi niliona kazi kubwa ni ile inayofanyika kabla gari halijapakiwa.

Mteja mpya alianza kwa kununua taslimu, mpaka tumjue. Kikomo cha deni lake sikukipanga kwa kutazama ukubwa wa duka wala gari analoendesha. Nilitaka kujua mambo mawili: ananunua kiasi gani kwa mwezi, na pesa yake hutufikia baada ya siku ngapi za kweli, si zile zilizoandikwa. Mzee mmoja wa Ifakara alinunua kama milioni 4 kwa mwezi. Muda wake ulikuwa siku 30, lakini kwa kawaida alizidisha 15. Kwa hiyo muda wote alikuwa ameshika mzigo wetu wa mwezi mmoja na nusu, yaani milioni 6. Nikaandika milioni 6 kwenye kadi yake, na ankara ya kupita hapo haikutoka bila saini yangu. Wauzaji wetu hawakunipenda. Kamisheni yao ilihesabiwa kwa mzigo uliotoka, si kwa pesa iliyoingia.

Wala hawakuifikiria kodi. Mzigo wa milioni 2 hutoka kwa ankara ya 2,360,000, kwa kuwa VAT ni asilimia 18. Ukiuza Februari, hiyo 360,000 inaingia kwenye ritani ya tarehe 20 Machi, mteja awe amelipa au hajalipa. Hata ukitoa VAT uliyolipa wakati wa kununua, inayobaki unaitoa mfukoni mwako huku mteja akikwambia “kesho”.

Simu ya kwanza niliipiga siku chache baada ya mzigo kufika, kabla deni halijaiva.

“Shikamoo mzee. Mzigo umefika salama? Bati zimetimia? Ankara haina shida?”

Kama bati mbili zimepinda, nilitaka kuzisikia siku hiyo, nimpunguzie deni kwa maandishi. Nisipouliza, bati hizohizo zitatajwa siku ya 40, na kwa ajili yake ankara nzima itakaa. Siku mbili kabla ya tarehe ya malipo nilituma ujumbe wenye namba ya ankara, kiasi na tarehe, basi. Neno “deni” sikuliandika. Namba inatosha, na haimvunjii mtu heshima hata mwanawe akiisoma.

Mwaka mmoja, mwezi Machi, mzee wa Ifakara alituma laki tano, kisha laki tatu. Hazikulingana na ankara yoyote. Mtu anayelipa ankara hulipa mpaka zile elfu za mwishoni. Anayetuma laki kamili anakutuliza. Wiki iliyofuata akaagiza bati mara mbili ya kawaida yake, na wakati huo alishafika 5,900,000. Muuzaji alifurahi. Mimi nilichukua simu.

“Mzee, oda yako ninayo hapa. Kadi imejaa, mfumo hauniruhusu kutoa ankara nyingine. Nikusaidieje?”

“Binti yangu, unajua huku mvua. Watu hawaezeki nyumba sasa.”

Alisema kweli. Bonde la Kilombero linaishi kwa mpunga, na mkulima hununua bati akishavuna na kuuza. Bati alizotaka alipanga kuzihifadhi mpaka wakati huo, kwa gharama yetu. Kumbana alipe zote Aprili kungemlazimu kuuza akiba kwa hasara, au kuzima simu. Nikamuuliza maswali ambayo mdaiwa hawezi kuyajibu kwa “nitaangalia”: kiasi gani, na siku gani? Tukakubaliana laki mbili kila Ijumaa, kinachobaki akimalize mavuno yakishauzwa, na mzigo mpya kwa taslimu tu. Nilimtumia taarifa ya akaunti, akaisaini na kuigonga muhuri wa duka, ili Julai tusianze kubishana juu ya salio.

Ijumaa mbili pesa hazikuja. Sikungoja Jumatatu, saa nne asubuhi ya Jumamosi nilimpigia, nikamsalimu, nikaulizia hali ya duka, kisha nikataja ya jana. Zote mbili alizifidia wiki iliyofuata.

Alimaliza mwishoni mwa Julai. Bosi alitaka nimfungie mali kauli kabisa. Nilichofanya ni kuibadilisha kadi: milioni 3 kuanzia Desemba hadi Mei, milioni 8 kuanzia Juni hadi Novemba. Wateja wengine wawili wa bonde hilo nikawapangia hivyohivyo.