Uliona au Uliambiwa?

Sisi wenyeji wa bara ya Mombasa, tangu Kisauni hata Changamwe na Likoni, tunao wazee wengi ambao mwaka wao wa kuzaliwa haukuandikwa popote. Walipokwenda kuchukua kitambulisho walitazamwa usoni, wakakadiriwa miaka, na makadirio hayo ndiyo yaliyoandikwa. Kwa hiyo mtu atakaye kuwaandikia watoto wake habari za ukoo hafai kumwuliza mzee, "Ulizaliwa mwaka gani?" Na amwulize, "Ulipopata akili, kulikuwa na jambo gani?" kisha autafute mwaka wa jambo hilo.

Hivyo ndivyo nilivyofanya kwa shangazi yangu wa Kisauni, dada mkubwa wa marehemu baba. Nilichukua daftari nikaugawa kila ukurasa sehemu mbili: upande mmoja mambo aliyoyaona, upande wa pili mambo aliyoambiwa. Kila alipomaliza kisa nilimwuliza, "Shangazi, uliona au uliambiwa?" Mwanzo swali hilo lilimchekesha, lakini baadaye akawa analijibu kabla sijaliuliza.

Kisa chake cha kwanza kilihusu daraja la Nyali, lile la zamani lililoelea juu ya maji. Alisema kwamba siku za kufunguliwa kwake, mama yake alilivuka naye akiwa mgongoni ndani ya mbeleko. Daraja lile lilifunguliwa mwaka 1931. Kama ndivyo, shangazi alizaliwa mwaka 1929 au 1930, hali kitambulisho chake chasema 1936. Nilikiandika kisa hicho upande wa mambo ya kuambiwa, maana mtoto wa mgongoni hawezi kukumbuka daraja.

Kisa cha pili alikiona mwenyewe. Ulitokea mgomo mkubwa, bandari ikanyamaza, na "baba" akakaa nyumbani siku nyingi bila kwenda kazini. Wakati huo yeye alikuwa mtoto wa kutumwa chumvi dukani, hajavunja ungo bado. Mgomo mkuu wa Mombasa ulikuwa Januari 1947. Aliyezaliwa mwaka 1930 angekuwa na umri wa miaka 16 au 17, mwari wa kuposwa, wala si mtoto wa kutumwa dukani. Aliyezaliwa mwaka 1936 angekuwa na miaka 10 hivi. Basi jambo aliloliona likaafikiana na kitambulisho, na jambo aliloambiwa likawapinga wote wawili.

Nilimwuliza jambo moja zaidi: "Baba yupi huyo, shangazi?" Kwetu baba ni aliyekuzaa, na ndugu zake pia ni baba, na asiyeuliza huweza kuwageuza watu wawili kuwa mmoja katika daftari lake. Akajibu, "Baba mdogo, mwanangu. Aliyenizaa alikuwa mtu wa jembe, hakupata kufanya kazi Kilindini." Akaongeza kwamba baba mdogo huyo alihamia Changamwe, na kwamba binti yake yungali hai. Kabla ya siku hiyo sikujua kuwa tuna ndugu Changamwe.

Nilikwenda kwa bibi huyo na daftari lile lile. Sikumweleza yaliyosemwa Kisauni, kwa sababu mzee akisikia kisa cha mwenzake huenda akakikubali kwa adabu tu. Nilimwomba anitajie watoto wote wa nyumba ile, wazima na waliokufa, kuanzia kifungua mimba. Alipowataja, kabla ya shangazi alimweka msichana mwingine mwenye jina lilo hilo. Wote wawili walipewa jina la bibi mzaa baba. Wa kwanza alipofariki angali mdogo, jina likarudishwa kwa aliyefuata. "Uliona au uliambiwa?" Akasema, "Kifo niliambiwa na mama. Kaburi lake nililiona, dogo, chini ya mwembe."

Hapo fundo likafunguka. Mtoto wa kwenye mbeleko mwaka 1931 alikuwa dada. Mama alipokuwa akisimulia alitaja jina tu, na shangazi, kwa kuwa jina lilikuwa lake, akadhani kisa ni chake. Nilipomweleza alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi nilikuwa na dada."

Katika kitabu cha watoto wangu nimeandika: "Wa kwanza, alizaliwa karibu na mwaka 1930, akafa mdogo, mwaka haujulikani. Wa pili, mwenye jina lake, alizaliwa karibu na mwaka 1936." Neno "karibu" sikuliondoa, na kando ya kila habari nimeandika nani aliisema, na kama aliona au aliambiwa. Habari za nyuma ya mama yao ni majina matupu ya kuambiwa, nami nimeyaacha hivyo. Wiki iliyofuata shangazi aliomba apelekwe Changamwe, akaonane na binti wa baba yake mdogo.