Kikohozi kikavu cha usiku: asali, mvuke ao siro?

Tangu kiangazi kianze hapa Bukavu, vumbi limejaa njiani na moshi wa mashamba yenye kuchomwa unashuka mpaka ndani ya nyumba. Katika mikutano yetu ya likelemba, kabla hata ya kuhesabu feza, wamama wanaanza na neno moja: mutoto anakohoa usiku. Muchana anacheza, anakula bugari yake muzuri, lakini akilala tu, kikohozi kinaanza, kikavu, bila makohozi, mpaka saa nane za usiku. Na kila mama anatuuliza dawa gani anunue. Tumeongea mambo hayo mara nyingi, na muuguzi mumoja wa chama chetu ametusaidia kuelewa. Tunaandika hapa yale yenye tumekubaliana.

Kwanza, kwa nini usiku? Mutoto mwenye mafua akisimama, kamasi inashuka puani ao anaimeza bila kujua. Akilala chali, ile kamasi inateremka nyuma ya koo na kutekenya hapo, na mwili unajibu kwa kukohoa. Tena usiku tunafunga milango na madirisha juu ya baridi na wezi, na mbabula yenye ilipika chakula inabaki ndani na makala yenye kuwaka kidogo. Koo lenye limekwisha kuchubuka kwa mafua halihitaji moshi mwingi ili lianze tena. Kwa hiyo sisi tunasema: kabla ya kununua kitu, toa mbabula inje. Si juu ya kikohozi peke yake. Makala katika chumba chenye kufungwa yanatoa hewa yenye haina harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa katika usingizi.

Sasa asali. Wako wenye kuisifu kama dawa ya kila kitu, na wako wenye kusema ni mambo ya wazee tu. Ukweli ni kwamba imepimwa. Katika mwaka wa 2007, waganga wa Pennsylvania kule Amerika walichukua watoto 105 wenye kukohoa usiku. Wamoja walipewa asali kabla ya kulala, wengine siro ya kikohozi yenye dekstrometofani, wengine hawakupewa kitu. Wazazi wa wale wa asali ndio waliona usiku ukipita vizuri zaidi kuliko wale wa bila kitu. Siro haikuwapita wenye hawakupewa kitu kwa namna ya wazi. Mwaka wa 2012, katika Israeli, waganga walijaribu tena kwa watoto 300 wa mwaka 1 mpaka 5. Safari hii wale wenye hawakupewa asali walipewa maji matamu ya tende, yenye kufanana na asali. Hata hao wa tende walipata nafuu kidogo, lakini wa asali walipata zaidi.

Jambo la tende linatufundisha kitu. Utamu wenyewe, na uzito wake, unafanya kazi: mate yanaongezeka, mutoto anameza, koo linapakwa na halitekenywi sana. Asali haiui mafua. Inatuliza koo ili mutoto alale, na mafua yanaisha yenyewe. Kwa hiyo usishangae ikiwa kikohozi kingali kinasikika muchana.

Namna ya kuitoa ni hii. Mutoto wa miaka 2 mpaka 5 anapewa nusu ya kijiko kidogo cha chai. Wa miaka 6 mpaka 11, kijiko kidogo kimoja. Kuanzia miaka 12, vijiko vidogo viwili. Mwenye umri wa mwaka 1 na zaidi kidogo, nusu ya kijiko inamutosha. Unamupa nusu saa kabla ya kulala, tupu ao katika maji ya vuguvugu, na kisha unasafisha meno yake, kwa sababu sukari yenye kubaki mudomoni usiku kucha inatoboa meno. Chupa ya robo lita ina vijiko vidogo 50, basi hata kiasi kidogo kinatosha nyumba nzima.

Lakini mutoto mwenye hajafikisha mwaka 1 asipewe asali hata tone moja. Tunasema hivyo kwa nguvu kwa sababu katika familia zetu wako wenye kuipaka kwenye ulimi wa mutoto muchanga. Asali inaweza kuwa na mbegu za mududu mudogo wenye kuitwa klostridiumu. Tumbo la mutu mukubwa linazishinda. Tumbo la kichanga bado halijui, basi zinamea ndani yake na kutoa sumu yenye kulegeza mwili: mutoto anakosa choo, sauti ya kulia inakuwa dhaifu, ananyonya bila nguvu, shingo inalegea, na mwisho anashindwa kupumua. Na kuichemsha asali haisaidii, kwani mbegu hizo zinavumilia maji yenye kuchemka. Kichanga unamupa ziwa mara nyingi zaidi, na unasafisha pua yake kwa matone ya maji ya chumvi yenye kuuzwa katika farmasi. Ni hayo tu, na yanatosha.

Kuhusu asali ya soko, wauzaji wengine wanaichanganya na sukari ya kuchemsha. Wenye kupima kwa kiberiti ao kwa kuidondosha majini wanajidanganya, vipimo hivyo havina uhakika. Sisi tunanunua kwa mutu mwenye tunamujua.

Mvuke sasa. Hapa tunajua kuwa tutawaumiza wengine, kwani nani hakuwekwa na mama yake chini ya kikwembe, juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi? Pua inafunguka kwa dakika chache, ni kweli. Lakini waganga walipoupima mvuke kwa wenye mafua, hawakuona faida yenye kudumu. Saa moja kiisha, pua imeziba tena. Na hatari yake tunaijua sote katika mitaa yetu: mutoto anasogeza guu, sufuria inapinduka, maji ya moto yanamumwangikia mapajani na tumboni. Kikohozi kingeisha kwa wiki mbili, kovu litabaki. Kwa mutoto sisi hatukubali mvuke wa sufuria. Mama mukubwa mwenye kuupenda anaweza kufanya, maji yakiwa yametolewa motoni na kuwekwa chini mahali pa imara, watoto wakiwa mbali. Ile faida ya joto na unyevu mutoto anaipata kwa njia nyingine: kikombe cha maji ya vuguvugu ao cha mchaichai kisichokuwa cha moto sana, akinywa polepole jioni.

Tunabaki na siro. Mama akifika farmasi na kusema "mutoto anakohoa," anapewa chupa, na mara nyingi hata haulizwi mutoto ana miaka mingapi. Siro haziko dawa moja. Ziko zenye kabosisteini, za kulainisha makohozi. Kwa kikohozi kikavu hazina kazi, na Ufaransa ilizikataza kwa watoto chini ya miaka 2 tangu 2010. Ziko zenye prometazini ao dawa nyingine ya kuleta usingizi: mutoto analala, mama anafurahi, lakini kikohozi hakikupona, na kwa mutoto mudogo dawa hiyo inaweza kupunguza pumzi. Ziko zenye kodeini, na hizo hazifai kabisa kwa mutoto chini ya miaka 12, kwa sababu miili mingine inaigeuza haraka kuwa mofini na pumzi inakatika. Ile ya dekstrometofani, yenye kuuzwa sana kwa kikohozi kikavu, ndiyo ile haikuishinda asali.

Tena kuna jambo la chupa yenyewe. Mwaka wa 2022 katika Gambia watoto zaidi ya 60 walikufa baada ya kunywa siro zenye kuchafuliwa na dietileni glikoli, sumu yenye kuharibu figo. Dalili ya kwanza kwa wengi ilikuwa mutoto kuacha kukojoa. Kwa hiyo siro yenye kuuzwa njiani juani, bila boksi, bila jina la kiwanda wala tarehe ya mwisho, tunaiacha hapo hapo. Na kijiko cha nyumbani si kipimo: tumia kile kikombe kidogo chenye kuja na dawa.

Tuseme kisa kimoja. Mutoto wa mwenzetu, musichana wa miaka 4, alikohoa usiku tano mufululizo baada ya mafua. Tulimwambia mama yake ahesabu pumzi wakati mutoto amelala ametulia, kwa dakika nzima akitazama saa. Alipata 30. Kifua chini ya mbavu hakikuwa kinaingia ndani, homa hakuna, anakunywa vizuri. Basi alitoa mbabula inje saa moja ya jioni, akampa nusu kijiko cha asali, akamuinua kichwa kwa mutago wa pili. Usiku wa kwanza aliamka mara mbili, badala ya mara tano ao sita. Usiku wa nne alilala mpaka asubuhi. Kikohozi cha muchana kiliendelea mpaka siku ya 12, na hakuna siro yenye ilinunuliwa.

Kama hesabu ingekuwa nyingine, tungemutuma kituo cha afya usiku ule ule. Mwenye miaka 1 mpaka 5 akipumua mara 40 ao zaidi kwa dakika, ni pumzi ya haraka. Kwa mwenye miezi 2 mpaka 11 ni mara 50, na kwa wa chini ya miezi 2 ni 60. Vilevile kifua kikiingia ndani, midomo ikiwa ya buluu, ao mutoto akikataa kunyonya na kunywa, usingoje asubuhi. Kikohozi chenye kumukaba mutoto mpaka anavuta pumzi kwa mulio na kutapika kinaweza kuwa kifaduro, zaidi kama chanjo hazikutimia. Kikohozi cha usiku chenye mluzi kifuani, chenye kurudi kila kiangazi, kinaweza kuwa pumu, na pumu haisikii asali.

Kikohozi kikipita wiki 2, kwa mutoto ao kwa mukubwa, uende kupimwa kifua kikuu. Kwa kawaida kipimo na dawa zake ni bure. Na mama muzee mwenye kukohoa kavu kila usiku, bila mafua, mutazameni dawa zake za presha. Kaptoprili na enalaprili zinaleta kikohozi cha namna hiyo kwa watu wengine. Asiziache mwenyewe, aende na boksi kwa muganga, amubadilishie.