Grafu Iliyokatwa Ukingo

Siku hizi hesabu za watoto hutufikia kwa simu. Juma lililopita binti yetu aliipiga picha grafu ya zoezi lake, akamtumia binamu yake, na wawili hao wakatofautiana. Mmoja alisema mkunjo ule ni wa kwadratiki, yaani wenye x². Mwingine alishikilia kuwa ni wa kipeo, ambao kila hatua huzidishwa kwa kiasi kilekile. Daftari lilitakiwa asubuhi, nasi wakubwa tukaitwa kuamua.

Kwanza tuliitazama karatasi. Daftari lililofunguliwa huinuka karibu na mshono, na hapo hata mstari mnyoofu huonekana umepinda. Basi twatazama mistari ya vijiraba iliyo jirani: nayo ikipinda vivyo hivyo, kasoro ni ya karatasi. Ndiyo sababu hatuweki rula juu ya kioo cha simu, twahesabu vijiraba.

Pichani zilionekana nukta tatu tu. Pale x ilipokuwa 1, 2 na 3, y ilikuwa 2, 4 na 8. Mstari mnyoofu huongeza kiasi kilekile kila hatua. Hapa nyongeza ni 2, kisha 4, kwa hiyo huo ulitoka mapema. Mtetezi wa kipeo alifurahi, kwa kuwa kila namba ni maradufu ya iliyotangulia. Lakini mwenzake naye alikuwa na hoja: y = x² − x + 2 hutoa namba zizo hizo tatu. Kwa nukta tatu zile, hapakuwa na wa kumshinda mwenziwe.

Tukaomba picha ya ukurasa mzima. Nukta ya nne ilikuwa 14, wala si 16. Ya tano 22, wala si 32. Nyongeza zikawa 2, 4, 6 na 8, kila moja ikiizidi iliyoitangulia kwa 2. Hiyo ndiyo alama ya kwadratiki: nyongeza hubadilika, lakini hubadilika kwa kiasi kimoja.

Upande wa kushoto, uliokatwa katika picha ya kwanza, ulithibitisha hayo. Kwenye 0 mkunjo ulikuwa 2, na kwenye −1 ukapanda tena hadi 4. Mkunjo wa kipeo ungalishuka hadi 1, kisha nusu, ukiukaribia mhimili pasipo kuugusa.

Mkunjo uliochorwa kwa mkono husomeka kwa kukisia, na kosa la nusu kijiraba huvuruga nyongeza zote. Hivyo twachagua nukta zinazoangukia pembe za vijiraba, zenye umbali sawa kwenye mhimili wa x, nazo zisipungue nne. Na anayepiga picha aache mihimili yote miwili ionekane pamoja na namba zake, hasa kushoto.