Janti ya chuma au ya alumini: ipi itakufikisha Uvira?

Kwa mashofere wa njia ya Bukavu hadi Uvira kuna mabishano yasiyoisha: janti ipi ni bora, ya chuma au ile ya alumini inayong'aa? Mimi si fundi. Kazi yangu ni kubeba maikrofoni. Lakini napanda magari hayo karibu kila juma, na jirani yangu hapa mtaani anaishi kwa gari. Yeye ni baba wa watoto watano. Vita ilimtoa kwake milimani, na kitu pekee alichookoa ni Noah yake ya zamani. Hiyo Noah ndiyo shamba lake sasa. Ikilala siku tatu, watoto wanalala bila kula vizuri.

Mwaka huu Noah ilianza kumsumbua. Pine ya mbele, upande wa kushoto, ilikuwa inapunguza upepo kila usiku. Alitafuta msumari, hakuuona. Fundi wa mapine akamwekea mpira wa ndani, upepo ukabaki, naye akaendelea kubeba watu. Siku nne baadaye usukani ukaanza kutetemeka kila alipoongeza mwendo katika bonde la Ruzizi. Akaniita: «Mwana habari, wewe unajua kuuliza watu. Twende wote garaji.»

Fundi mzee wa garaji ile alinyanyua gari kwa kriki, akatoa pine yote na mpira wa ndani, kisha akapaka maji ya sabuni kwenye janti. Hakuanzia upande wa nje ambao sisi tunausafisha na kuusifu. Alianzia upande wa ndani, ule unaotazama amortisa. Hapo tuliona ufa mwembamba kama unywele, wa urefu wa kidole. Alisema ndipo janti nyingi za alumini zinapoanza kupasuka, kwa sababu ukingo ule uko mbali na mikono ya janti, na hakuna cha kuushika gari linapogonga shimo. Ule mpira wa ndani ulikuwa umezuia upepo usitoke, lakini ufa ulikuwa unaendelea kukua huku abiria wanane wakiukalia juu.

Hapa ndipo tofauti ya kwanza kati ya janti hizi mbili inaonekana. Janti ya chuma hutengenezwa kwa bamba la chuma linalokunjwa kwa mashine na kuchomelewa. Chuma cha namna hiyo kinaweza kuvutwa hadi karibu robo ya urefu wake kabla ya kukatika. Janti nyingi za alumini hutengenezwa kwa kuyeyusha alumini iliyochanganywa na silikoni na magnesi kidogo, kisha kuimimina ndani ya kalibu. Ni ngumu na inabeba mzigo vizuri, lakini ukiivuta inakatika mapema, mara nyingi kabla ya kufika asilimia 10. Kwa hiyo gari likiingia kwenye shimo lenye ukingo mkali, janti ya chuma inabonyea na ya alumini inapasuka. Ile iliyobonyea inakuonya: gari linatikisika, unasimama, fundi wa Sange au Luvungi anaipiga nyundo, unafika nyumbani. Iliyopasuka inaweza kukaa kimya mpaka siku itakapoachana na pine.

Jirani yangu aliuliza swali ambalo kila mtu angeuliza: «Papa, hatuwezi kuichomelea?» Fundi alitikisa kichwa. Alumini haichomelewi kwa vijiti vile vile vya kuchomelea mlango wa chuma. Inahitaji mashine ya gesi ya argoni na mtu aliyejifunza kuitumia. Hata huyo akipatikana, kuna tatizo jingine. Kiwandani, janti nyingi za alumini hupashwa moto na kupozwa kwa kipimo maalum, na hapo ndipo zinapopata nguvu yake. Ukiichoma tena, sehemu iliyo karibu na moto inapoteza nguvu hiyo na kuwa laini. Ni hivyo hivyo kwa wale wanaoinyoosha kwa makaa na nyundo: inarudi kuwa duara, lakini si janti ile ile tena. Ufa ukiwa kwenye mkono wa janti au karibu na matundu ya bulo, fundi alisema, usijadiliane na mtu. Iondoe.

Wengi wanaosifu alumini wanasema ni nyepesi. Ni kweli, lakini tuipime. Janti ya inchi 15 ya gari kama Noah, ikiwa ya chuma, ina uzito wa kama kilo 9. Ya alumini ya kipimo hicho ina kama kilo 7. Kwa magurudumu manne unapunguza kilo 8 hivi, yaani chini ya nusu ya bidoni ya maji. Faida ipo, maana gurudumu jepesi linafuata barabara vizuri zaidi na amortisa haichoki haraka. Lakini gari lililobeba watu wanane, magunia na kuku juu halitaisikia sana. Tena, ukitoa janti ya chuma ya inchi 15 na kuweka ya alumini ya inchi 17 ili gari lipendeze, uzito unaweza hata kuongezeka. Na pine ya janti kubwa ina ubavu mfupi, kwa hiyo mpira wa kupokea pigo la jiwe unapungua na janti inalipokea yenyewe.

Kwenye joto, alumini inashinda. Alumini ya janti inapitisha joto kama mara tatu kuliko chuma. Jambo hilo lina maana kwetu kwa sababu ya Ngomo. Anayetoka Bukavu kwenda Kamanyola anaujua ule mteremko na kona zake. Tufanye hesabu ya gari lenye kilo 1,500 pamoja na watu, likishuka mita 600. Kama freni peke yake ndizo zingelizuia njia nzima, joto lake lingetosha kuchemsha bidoni ya lita 20 ya maji baridi, na bado moto ungebaki. Joto hilo linakaa kwenye diski na ngoma za freni. Likizidi, mafuta ya freni yanachemka, pedali inazama chini, na gari halisimami.

Janti ya alumini inapokea sehemu ya joto hilo na kulitoa haraka, na mara nyingi mikono yake iko wazi ili upepo upite. Lakini fundi alinionya nisiitegemee. Joto nyingi inachukuliwa na upepo unaopita moja kwa moja kwenye diski. Shofere wa janti za chuma akitoa vile vifuniko vya plastiki, upepo unapita vizuri zaidi kwenye matundu. Na dawa ya kweli ya Ngomo ni injini: shuka kwa vitesi ya pili, na kwa gari la otomatiki weka mkono kwenye 2 au L kabla ya kuanza kuteremka. Hapo injini inabeba sehemu kubwa ya kazi. Ukisikia harufu ya kuungua, simama uache zipoe zenyewe. Kumwagia diski moto maji baridi kunaweza kuipinda au kuipasua.

Tukabaki na suala la pesa. Sokoni jirani yangu aliulizwa dola 60 kwa janti moja ya alumini iliyotumika, inayofanana na zake. Ya chuma iliyotumika ilikuwa dola 30. Mara ya kwanza aliona anunue moja ya alumini, yaishe. Fundi akamwomba achungulie ile ya dola 60 kwa ndani. Kulikuwa na sehemu laini isiyo ya kawaida, yenye rangi mpya kuliko kwingine: ufa uliofunikwa kwa mastiki na kupakwa rangi. Waliigonga kwa kipande cha mti. Janti nzima inalia kama kengele. Ile ililia kama sufuria iliyopasuka.

Akabadili hesabu. Janti zake tatu zilizobaki zilikuwa nzima, akaziuza kwa dola 105 zote. Akanunua nne za chuma kwa dola 120, na bulo za chuma 20 kwa dola 20. Jumla alitoa mfukoni dola 35. Kwake hiyo si pesa ndogo, ilikuwa ya karo. Lakini ilikuwa chini ya bei ya ile janti moja yenye ugonjwa uliofichwa.

Usisahau bulo unapobadilisha. Bulo za janti za alumini mara nyingi zina shingo ndefu na washa bapa. Za chuma zina mdomo wa mteremko unaokaa ndani ya tundu. Bulo isiyokaa sawasawa inaweza kuonekana imekaza huku janti inacheza, na hapo hata chuma hupasuka kuzunguka matundu. Ndiyo maana, hata ukikaza vizuri, ziguse tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Jirani yangu aliondoka Uvira asubuhi, na alipofika Kamanyola alizikaza tena kabla ya kupanda Ngomo.

Na kama muuzaji anasema ni alumini nawe una shaka, tafuta spika ya redio iliyokufa. Nyuma yake kuna sumaku. Chuma kinaivuta, alumini haiivuti. Wenye redio mbovu nyumbani sasa wana kazi ya kuipa.

Chuma pia si cha milele. Janti iliyopigwa nyundo mara tatu mahali pamoja nayo huchoka, na kutu ikila ukingo, pine haikai vizuri na upepo unatoka. Na mtu anayeendesha kwenye lami nzuri, asiyebeba mizigo mizito, hana sababu ya kutupa alumini iliyo nzima. Aikague kwa ndani kila anapobadilisha pine, basi. Lakini anayebeba watu kwenye mashimo yetu, mbali na mashine ya argoni, anahitaji janti inayobonyea kabla ya kukatika.

Nanyi mnaopanda magari haya na watoto na mizigo, mkiona shofere anajaza upepo kila asubuhi kwenye pine ile ile, muulizeni kwa heshima: «Papa, umeangalia janti upande wa ndani?» Kazi hiyo inaomba kriki, kipande cha sabuni na nusu saa.