Niliandika maneno mia nne kudai pesa zangu. Anti yangu akafuta mia tatu

Wikendi ya Madaraka mwaka wa 2025, sikukuu iliangukia Jumapili, kwa hivyo Jumatatu ilikuwa mapumziko. Watu wa Ngoliba walikuwa wanachoma nyama. Mimi nilikuwa sebuleni na laptopu, naandika barua pepe ya hasira.

Stori ni fupi. Mwezi wa tatu nilitengenezea kampuni moja video tatu, KSh 26,000 kila moja. Jumla KSh 78,000. Kazi wakaipenda, wakaipost, nikatuma invoisi tarehe 14 Machi. Makubaliano yalikuwa siku 30, yaani pesa ziingie kufikia tarehe 13 Aprili. Hazikuingia. Nikamkumbusha jamaa wa idara ya masoko aliyenipa kazi tarehe 22 Aprili, tena 6 Mei, tena 20 Mei. Ile ya Mei 20 nilimfuata hadi WhatsApp nikimwambia aangalie barua pepe yake. Tiki za buluu, kimya.

Na hiyo pesa haikuwa yangu pekee. KSh 20,000 ilikuwa ya msee aliyenishikia kamera siku mbili nzima kwa jua. Mwanzoni alikuwa ananiuliza, "Manze, wale watu wamesemaje?" Baadaye akaacha kuuliza. Tukapatana stejini Thika akanipa salamu ya mbali, kama mtu ambaye ameshaamua wewe ni mwongo. Hiyo ndiyo iliniuma kuliko kimya cha kampuni.

Ndiyo nikaamua kupanda juu, kwa mkurugenzi wa fedha. Jina lake sikulitafuta mbali: lilikuwa chini ya LPO, ile karatasi ya oda waliyonipa kabla ya kazi. Yeye ndiye aliyeitia sahihi. Kama una LPO, angalia hapo kwanza, kwa sababu huyo mtu ameshakubali kwa mkono wake kwamba kazi hiyo italipwa.

Nikaandika. Nilianza na "Natumai uko salama", nikaeleza mimi ni nani, nilivyofurahi kupata hiyo kazi, nilivyokesha nikihariri, ile video ya pili ilivyopata watazamaji wengi. Kisha nikabadilisha gia: "Mmekataa kunilipa bila sababu yoyote." "Mnadharau vijana." "Nikikosa pesa wiki hii nitawaanika mtandaoni." Maneno mia nne na kitu. Nikaona ni moto.

Anti yangu alikuwa amekuja nyumbani kwa hiyo sikukuu. Amefanya kazi ya uhasibu kiwandani Thika miaka mingi, upande wa kulipa wasambazaji. Yaani yeye ndiye yule mtu ambaye barua kama zangu humwangukia mezani. Nikampa laptopu nikitarajia asifu.

Akasoma hadi mwisho, akauliza, "Mami, unataka huyu mama afanye nini?"

"Anilipe."

"Hiyo haiko hapa. Hapa kuna vile unajisikia. Mkurugenzi hatoi pesa mfukoni. Anaituma hii kwa mtu wa malipo na kusema, 'Angalia hii.' Sasa huyo mtu wa malipo akifungua, ataangalia nini? Namba ya invoisi iko wapi?"

Ilikuwa aya ya tano, imejificha katikati ya sentensi kuhusu kukesha.

Akaniambia nipitie kila sentensi na swali moja: naweza kuithibitisha na karatasi? Kama siwezi, itoke. Huo mchezo ulinichukua jioni nzima.

"Mnadharau vijana." Siwezi kuthibitisha. Ikatoka. "Nilikesha." Ni kweli, lakini hawanilipi kukesha, wananilipa video tatu. Ikatoka. Tishio la kuwaanika mtandaoni nililipigania kidogo. Anti akasema ukiweka hilo, barua inatoka kwa watu wa fedha inaenda kwa wakili, na wakili hana haraka. Zaidi ya hayo, ukitishia kitu lazima ukifanye, la sivyo barua inayofuata haina meno. Ikatoka.

Halafu tukafika kwa "bila sababu yoyote."

Anti akauliza, "Una uhakika hawana sababu? Hii invoisi ulitoa kwa eTIMS?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimetengeneza PDF safi na programu ya simu, na nembo yangu na rangi zangu. eTIMS nilikuwa nasikia tu.

Kama unafanya hasla yoyote na kampuni, hapa soma polepole. Tangu tarehe 1 Januari 2024, kampuni Kenya ikilipa kitu ambacho hakina invoisi ya eTIMS, KRA haiikubali kama gharama ya biashara wakati wa kupiga hesabu ya kodi. Kwa hivyo mhasibu akiona PDF yako nzuri, anaona pesa ambazo kampuni itazilipia kodi kana kwamba ni faida. Anaiweka kando. Ni kweli mtu angepaswa kuniambia, na hilo ni kosa lao. Lakini sababu ilikuwepo, na nusu yake ilikuwa yangu. Ningetuma ile sentensi, mkurugenzi angejibu kwa mstari mmoja na mimi ndiye ningeonekana sijui kazi yangu.

Usiku huo nikaishughulikia. Kwa sisi wadogo kuna eTIMS Lite, unaingia kupitia eCitizen au kwa simu *222#. Kitu cha kuangalia ni PIN ya KRA ya mteja: lazima uiweke kwa invoisi, kwa sababu bila hiyo, haiwasaidii kudai gharama yao. Yao ilikuwa kwa LPO.

Nikapata wasiwasi mwingine. Nikituma invoisi mpya ya Juni, si watasema siku 30 zinaanza upya? Anti akasema wanaweza kujaribu. Dawa si kuficha, ni kusema mwenyewe kabla hawajasema, na kuweka tarehe ya kukubaliwa kwa kazi kando yake. Kazi waliikubali Machi, na ujumbe wao wa kusema "sawa, tumeipokea" nilikuwa nao. Mtu akisoma tarehe hizo mbili pamoja, anaona mwenyewe nani amengoja.

Kuhusu nitakachoomba, nilikuwa nimeandika "nilipwe kesho." Akacheka. Kampuni nyingi hulipa kwa siku maalum, malipo yote kwa pamoja, na ukidai kesho unaomba kitu ambacho hata mkurugenzi hawezi bila kuvuruga watu watatu. Omba tarehe. Kutaja tarehe kunamchukua dakika moja, na akishaitaja kwa maandishi, imekuwa ahadi yake, si ya yule jamaa wa masoko.

Barua niliituma kwa Kizungu, lakini kwa Kiswahili ilikuwa hivi. Kichwa chake kilisema: "Invoisi INV-009, KSh 78,000: siku 51 baada ya tarehe ya malipo." Halafu:

"Habari Bi. Mkurugenzi,

Naomba unijulishe kufikia Jumatatu tarehe 9 Juni ni siku gani invoisi INV-009 ya KSh 78,000 italipwa.

Ni ya video tatu za LPO 0417. Kazi ilikubaliwa tarehe 12 Machi, invoisi ikatumwa tarehe 14 Machi, na siku 30 zikaisha tarehe 13 Aprili. Nilikumbusha idara ya masoko tarehe 22 Aprili, 6 Mei na 20 Mei. Jumbe hizo ziko hapa chini.

Invoisi ya kwanza haikuwa ya eTIMS. Nimeambatisha ya eTIMS yenye kiasi hicho hicho, pamoja na LPO na ujumbe wa kukubali kazi. Kama kuna kingine kinachokosekana, niambie nikitume leo.

Asante."

Basi. Ombi liko juu kabisa, kwa hivyo hata akisoma mstari mmoja kwa simu akiwa kwa lifti, anajua nataka nini. Zile kumbusho tatu nilizoachiwa kimya sikuzilalamikia. Niliziacha chini ya barua na tarehe zake. Zinaongea zenyewe, na zinaongea vizuri kuliko mimi.

Yule jamaa wa masoko nilimweka kwa CC. Nilitaka kumwacha nje ili ashtuke, lakini Anti akakataa. Mkurugenzi atamuuliza tu, na ni haki ajue nimesema nini. Pia ukimficha mtu, barua inaanza kunuka umbea.

Sikuituma Jumatatu ya sikukuu. Niliituma Jumanne tarehe 3 Juni, saa tatu asubuhi. Alasiri nikajibiwa, mistari mitatu. Invoisi yangu haikuwa kwa mfumo wao kabisa. Sasa imeingizwa. Italipwa Ijumaa tarehe 13 Juni.

Yaani siku zote hizo nilikuwa nakasirikia idara ambayo haikuwa imewahi kuniona. Kama jamaa wa masoko aliikalia kwa sababu ya eTIMS au alisahau tu, mpaka leo sijui.

Ijumaa hiyo pesa ikaingia: KSh 74,100. Nilikaribia kufungua laptopu tena. Kabla sijaandika kitu nikakumbuka kuuliza: ile 3,900 ni kodi ya zuio, asilimia 5, ambayo kampuni inakata na kupeleka KRA kwa PIN yangu. Cheti chake unakipata kwa iTax, na unakitumia ukilipa kodi ya mwaka. Hawajakuibia. Ila cheti kisipotokea, hapo una la kudai.

Sitakudanganya kwamba barua fupi inafungua kila mlango. Hii ilifanya kazi kwa sababu kampuni ilikuwa na pesa na invoisi ilikuwa imekwama. Kampuni isiyo na pesa, au iliyoamua haitalipa, itasoma maneno yako mazuri na kunyamaza vile vile. Hapo kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000, na sheria yake inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Na unajua utahitaji nini huko? LPO, ujumbe wa kukubali kazi, invoisi, na kumbusho zenye tarehe. Barua uliyoikaza vizuri ni faili yako tayari.

Gharama pia ipo. Yule jamaa wa masoko hajawahi kunipigia tena. Sawa tu.

Msee wa kamera nilimtumia 20,000 yake kwa M-Pesa dakika ile ile. Hakuandika kitu. Jumatatu nikampata stejini Thika, akanisogezea nafasi kwa matatu.