Jaribio la Mtoto wa Tarehe 31

Kasoro ya kwanza niliyoitengeneza katika programu huria ilikuwa imeshatengenezwa siku 19 kabla yangu. Mwaka 2017 nilikuwa nyumbani Bugarama, kwenye vilima vilivyo juu ya Magara, na ukiketi upenuni kwetu usiku usio na mbalamwezi unaziona taa za wavuvi wa ndagala zimejipanga ziwani. Intaneti haikuwa ya kutegemea. Nilikuwa nikishuka barabarani, nikipanda basi la Bujumbura, nikishusha msimbo wote kwenye kompyuta yangu, kisha nikirudi kufanya kazi bila mtandao mpaka safari nyingine. Nakala niliyokuwa nayo ilikuwa na umri wa mwezi mzima. Sikujua kwamba umri wa nakala ni jambo la kuulizwa.

Programu ilikuwa ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa wa kliniki, na kasoro ilihusu umri wa watoto kwa miezi. Msimbo wa zamani ulihesabu hivi:

```java
int miezi = (b.getYear() - a.getYear()) * 12
          + b.getMonthValue() - a.getMonthValue();
```

Hapa `a` ni siku ya kuzaliwa na `b` ni leo. Hesabu inatazama mwaka na mwezi, haitazami tarehe. Mtoto aliyezaliwa tarehe 31 Januari, ikifika tarehe 1 Oktoba programu inamwita mtoto wa miezi 9, na kumbe ana miezi 8 na siku moja. Chanjo ya surua hutolewa mtoto akitimiza miezi 9, kwa hiyo kosa hilo linampanga mtoto kwenye orodha ya chanjo karibu mwezi mmoja kabla ya wakati wake. Nilifurahi kuliona. Nikaongeza mstari mmoja chini ya hesabu:

```java
if (b.getDayOfMonth() < a.getDayOfMonth()) miezi--;
```

Nikaandika na jaribio la kuthibitisha: mtoto wa 31 Januari, tarehe 1 Oktoba, jibu liwe 8. Nikashuka Bujumbura, nikafungua ombi la kuunganisha, yaani lile ambalo wenzangu wote wanaliita PR. Papo hapo ukurasa ukaniambia kwamba tawi langu linagongana na shina.

Kwa ugeni wangu nilidhani nimekosea amri za `git`. Nikafungua faili lililogongana, nikaona pale palipokuwa na hesabu ya zamani sasa pameandikwa `ChronoUnit.MONTHS.between(a, b)`. Sikujiuliza kwa nini. Niliacha mstari wao, nikaacha na wangu chini yake, mgongano ukaisha, nikatuma tena. Jaribio langu likawa jekundu: lilitaka 8, likapata 7.

Msimamizi wa mradi, mama mmoja aliyekuwa akiishi Kenya, alinijibu siku ya tatu. "Pole, mdogo wangu. Hili limeshaunganishwa. Aliyetangulia ametumia `between`, na `between` yenyewe inaangalia tarehe, haihesabu mwezi mpaka utimie. Wewe ukapunguza tena. Ndiyo maana mtoto amerudi miezi 7."

Nimesimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu nilichokuja kujua baadaye kuhusu maombi yanayorudia kazi iliyokwisha kufanywa. Watu hufikiri hasara ya ombi la marudio ni muda wa aliyeliandika. Hasara hiyo ipo, inauma, mimi niliionja. Lakini hatari iko kwenye tiba mbili zikiingia pamoja. Mimi niliokolewa na mgongano, kwa kuwa tuligusa mstari uleule. Lau mwenzangu angesahihisha pale hesabu inapoitwa, kwenye faili jingine, `git` isingeona mgongano wowote. Ombi langu lingeingia kimya, na watoto wote waliozaliwa mwishoni mwa mwezi wangepunguziwa umri mara mbili.

Siku zile ulinzi wa mradi ulikuwa kumbukumbu ya kichwa cha yule mama. Alisoma kila ombi na kusema, hili nimeliona, hili bado. Maombi yalipoongezeka kichwa hakikutosha, ndipo ukaja utaratibu wa tiketi. Tuliuiga kwa OpenMRS, mradi wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanzishwa mwaka 2004 kati ya Indiana na Eldoret, ambako kazi hufungwa kwenye namba ya tiketi na namba hiyo huandikwa kwenye kichwa cha ombi. Za msimbo wao mkuu huanza na `TRUNK-`. Namba ikiwapo, kutafuta ni kazi ya dakika moja. Unavuta shina jipya kwanza, halafu unatafuta kwenye historia na kwenye maombi yote, yaliyo wazi na yaliyofungwa:

```
git fetch upstream
git log upstream/master --oneline --grep='TRUNK-1234'
gh pr list --state all --search "TRUNK-1234"
```

Neno `all` hapo ndilo linalosahaulika. Bila hilo, orodha huonyesha maombi yaliyo wazi tu, na tiba iliyokwisha kuunganishwa haionekani kamwe.

Tiketi zilitusaidia mpaka zilipoanza nazo kujirudia. Kasoro moja ilifunguliwa tiketi mbili, na sababu kwetu ilikuwa dhahiri: mtu wa Burundi au wa Bukavu aliieleza kwa Kifaransa, wa Kampala kwa Kiingereza. Mmoja aliandika umri, mwingine akaandika tarehe ya chanjo. Watafiti waliokusanya jozi 2,323 za maombi yaliyorudiwa kutoka miradi 26 na kuzichapisha mwaka 2018 walitoka kwenye kazi ya kulinganisha vichwa na maelezo ya maombi. Njia hiyo ina faida, lakini haiwezi kukutanisha maneno ambayo hayajawahi kukutana. Tukahamia kwenye mafaili: tunaorodhesha maombi mengine yaliyo wazi yanayogusa faili lilelile, na mabadiliko ya karibuni ya faili hilo kwenye shina. Mafaili hayajali lugha. Hata hivyo faili kubwa huguswa na kila mtu, na tulijikuta tunasoma maombi kumi ili kupata moja.

Ipo pia amri ya `git cherry`, inayolinganisha badiliko na badiliko bila kujali namba za mistari wala nafasi tupu. Ni nzuri kwa kiraka kilekile kilichonakiliwa kutoka tawi hadi tawi. Kwa kisa changu ingekuwa bubu, maana mstari wangu wa kupunguza na `between` ya mwenzangu havifanani hata herufi.

Kilichobadilisha kazi yetu kabisa ni jambo ambalo yule mama aliniambia katika barua yake ya pili. "Tiba yako siichukui, ila jaribio lako nalitaka. Aliyetangulia hakuandika." Jaribio la tarehe 31 Januari likaingia kwenye shina. Ilinichukua miaka kadhaa, mpaka nilipokabidhiwa nami kazi ya kukagua, kuelewa kwamba jaribio lile lilikuwa pia kipimo cha marudio. Tiba mbili zinaweza kuandikwa kwa namna zisizofanana kabisa, lakini kasoro ni moja, na jaribio huizungumzia kasoro.

Kwa hiyo leo nikipokea ombi ninalolishuku, sianzi na tiba. Nachukua jaribio lake peke yake na kuliendesha kwenye shina jipya, bila msimbo wake mwingine:

```
git fetch upstream pull/812/head:pr-812
git switch -c kagua upstream/master
git show pr-812:src/test/UmriTest.java | sed 's/UmriTest/UmriKaguaTest/g' > src/test/UmriKaguaTest.java
```

Likiwa jekundu, kasoro bado ipo. Likiwa kijani bila tiba, siamini mara moja, kwa kuwa jaribio dhaifu huwa kijani popote. Naliendesha tena kwenye toleo la zamani ambalo kasoro iliripotiwa. Kijani huku na kijani kule, jaribio halithibitishi kitu, na mwandishi anahitaji kusaidiwa kulirekebisha. Jekundu kule na kijani huku, basi katikati kuna mtu aliyeitengeneza, na deni langu ni kumwonyesha mwandishi ni badiliko lipi. Hapo `git bisect` inagawa historia nusu kwa nusu, na inakubali tuite hali mbili kwa maneno yetu wenyewe:

```
git bisect start --term-old=mbovu --term-new=nzima
git bisect nzima upstream/master
git bisect mbovu v2.3
```

Kwa mabadiliko 200 yanatosha majaribio 8 hivi. Faili la jaribio naliweka kwa jina jipya ambalo `git` haijalijua, ili lisiondoke kila tunaporuka kutoka toleo hadi toleo.

Njia hii ina mpaka wake, na niliujua kwa kukosea. Kuna mwaka nilifunga ombi la kijana mmoja kwa maneno mawili, "limeshaunganishwa". Jaribio lake lilikuwa kijani kwenye shina, nikaridhika. Yeye alikuwa ameelekeza ombi kwenye tawi la toleo la zamani, lile ambalo kliniki yake ilikuwa bado inalitumia, na tiba haikuwa imefika huko. Kliniki ikakaa na kasoro miezi miwili zaidi, kwa sababu yangu. Nilimwomba radhi. Tangu hapo kabla ya kutamka neno marudio naangalia ombi limeelekezwa tawi gani, na jaribio naliendesha kwenye tawi hilohilo. Tiba ileile kwenye matawi mawili ni kazi mbili halali.

Maombi mawili yaliyo wazi yote, ambapo hakuna hata moja lililounganishwa, bado yanataka busara ya mtu. Naliendesha jaribio la kila moja juu ya tiba ya mwenzake. Yote yakipita huku na huku, ni kazi moja. Moja likikwama, kuna sehemu ya kasoro ambayo mmoja ameiona na mwingine hajaiona, na sehemu hiyo mara nyingi ndiyo iliyokuwa ikiwasumbua wauguzi.

Juzi dada mmoja wa Bujumbura alileta ombi lake la kwanza. Uzito wa mtoto ulikuwa ukipotea fomu ikihifadhiwa mara mbili. Jaribio lake likawa jekundu kwenye toleo la zamani, kijani kwenye shina, na `bisect` ikaniongoza hadi badiliko la wiki tatu zilizopita, lililoandikwa na mtu aliyekuwa akisafisha fomu bila kujua kwamba ameponya kitu. Nilimwandikia namba ya badiliko hilo, nikamweleza nimeipataje.

"Kwa hiyo kazi yangu imekufa, kaka?"

Nikamwambia aondoe tiba, abakize jaribio, ombi libaki lake na jina libaki lake. Alilituma jioni ileile. Nililiunganisha nikiwa Bugarama, mtandao ukiwa umekuja kwa robo saa.